Kioo cha Waliokaa Katikati

Kosa hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, dukani Kasulu, tena huku nikijisifu.

Kaka yangu alikuwa na banda la kuonyesha mpira Kibondo. Lilikuwa ghala la mahindi zamani: fupi kwenda nyuma, pana kwenda pembeni, benchi zimepangwa toka ukuta hadi ukuta. Runinga yake ilikufa wiki chache kabla ya ligi kuanza, na karibu na stendi mtu mwingine alikuwa amefungua banda jipya. Kaka asiponunua runinga kubwa upesi, wateja wangehamia huko, na nyumba yake ilikula kwa banda lile. Akanifuata Kasulu, kwa sababu mimi ni fundi wa runinga na kwetu ndimi ninayeaminika kwa mambo hayo.

Mwenye duka, mzee mpole mwenye ndugu Tanga, alitutolea mbili za ukubwa mmoja. Boksi la kwanza lilikuwa na namba kubwa kama ya jezi: Motion 240.

"Hii ina kasi mia mbili arobaini," alisema. "Mpira hauachi mkia."

Nikaomba karatasi ya vipimo. Nilipoona mstari wa Hz, nilifurahi vibaya. Sitini tu.

"Mzee, kioo hiki kinabadilisha picha mara sitini kwa sekunde, basi," nikamwambia. "Hiyo 240 ni hesabu ya kiwandani. Wanajumlisha kuwaka na kuzima kwa taa ya nyuma na ujanja wa programu, na kila kiwanda kina hesabu yake."

Ya pili karatasi yake ilisema 120 Hz, za kioo chenyewe. Nikaielekeza kidole. Nikajiona bingwa.

Kaka akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, na wale wa pembeni wataona?"

"Kaka, picha ni picha," nikamjibu. "Tusipoteze muda."

Mistari miwili chini ya Hz kulikuwa na aina ya kioo. Ya kwanza IPS, ya pili VA. Niliisoma. Najua maana yake, nimefungua vioo hivyo mpaka vidole vimekuwa sugu. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa ile 240 na raha ya kumkamata mtu. Tukachukua ya pili, iliyokuwa ghali zaidi.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Kibondo kuifunga mwenyewe. Mechi ya saa kumi, banda limejaa. Mimi nilisimama katikati, na picha ilinifanya nitabasamu peke yangu. Kabla ya mapumziko watu wa upande wa kulia walikuwa wamesimama. Seremala mmoja, mteja wa miaka mingi ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akaniita.

"Fundi, njoo ukae huku. Jezi nyekundu kwetu imekuwa ya waridi."

Nikakaa benchi lake. Nyeusi ilikuwa kijivu, nyasi zimepauka, na mpira ulipokwenda upande wa mbali ulipotea. Kioo cha VA kina weusi mzuri kwa anayekitazama usoni. Ukikaa pembeni, rangi zinafifia. IPS weusi wake ni hafifu, lakini wa pembeni angeona jezi karibu ileile anayoiona wa katikati. Banda lile lilihitaji IPS. Hata mtoto wa kaka angeliona hilo kwa kutazama benchi tu.

Na zile 120 nilizozipigania? Mechi kwenye king'amuzi chetu zilikuja picha hamsini kwa sekunde, kwa hiyo kioo cha sitini kingetosha. Ule ujanja wa runinga kubuni picha za kujaza kati ya picha na picha uliuzungushia mpira ukungu, nikauzima kwa mkono wangu.

Tulijaribu kila kitu. Tulisogeza runinga nyuma hadi ukutani, tukaigeuza huku na huku, tukaondoa benchi za pembeni na kubaki na nusu ya watu. Mwenye duka alikataa kuirudisha. "Fundi, wewe ndiye uliyechagua," alisema, bila ubaya wowote. Ligi ilipofika katikati, seremala naye alikuwa anaangalia mpira kule stendi. Kaka akafunga banda. Sasa analima vibarua katika mashamba ya watu Kumsenga, na hajawahi kunilaumu. Ningependa anitukane walau mara moja.

Runinga iko sebuleni kwake, viti vitatu vikiitazama moja kwa moja. Nilipomtembelea juzi, shemeji aliiwasha kwa heshima yangu. Weusi ulikuwa weusi kweli, nyasi mbichi, kila jezi na rangi yake. Sijaona picha nzuri kama ile katika kazi yangu yote. Kaka alikuwa uani ananoa jembe, akamwomba mkewe apunguze sauti.