Goti Lililokwama Benki

Fundi wa miguu bandia, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Hatua, alijifunza kazi yake utotoni katika karakana ya hospitali ya misheni. Mtawa aliyeisimamia karakana ile alikuwa mpole, lakini kwa jambo moja hakuwa na msamaha: mwanafunzi akiandika jina kamili la mgonjwa juu ya plasta, mtawa alilifuta kwa kitambaa chenye maji na kumwambia aandike upya. "Mwili wa mtu ni siri yake," alisema. "Andika jina fupi, lile la kukutosha wewe kutochanganya miguu." Miaka hamsini ilipita, mtawa akazikwa, karakana ikageuzwa ghala, lakini Babu Hatua aliendelea kuandika majina mafupi. Alifanya hivyo kwa kila mtu na kila mahali, bila kufikiri.

Hata kwenye fomu ya benki alifanya vivyo hivyo.

Fedha alizotuma zilikuwa za goti la chuma. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amekatwa mguu juu ya goti, na kidonda chake kilikuwa kimepona vizuri. Mkuu wa shule alikuwa amemwekea darasa lake mpaka muhula mpya ufunguliwe, si zaidi. Akishindwa kusimama mbele ya ubao, atahamishiwa chumba cha vitabu. Kikombe cha kuvalia mguu kilikuwa tayari, na unyayo ulikuwa tayari. Lililobaki ni goti, na goti la kumfaa alikuwa nalo fundi mmoja wa ng'ambo, mzee mwenza wa Babu Hatua, ambaye walikuwa wameandikiana kwa miaka kumi na tisa bila kuonana. Hospitali nyingine ilikuwa ikilitaka goti lilo hilo. "Nitakuwekea mpaka Ijumaa adhuhuri," fundi wa ng'ambo alikuwa ameandika. "Baada ya hapo, ndugu yangu, sitaweza."

Siku ya Jumanne, siku ya sita tangu fedha zitumwe, zilikuwa bado hazijafika. Mwalimu alikuja karakanani kwa magongo yake, akaketi kwenye benchi lenye vumbi la plasta.

"Babu, hilo goti linakuja kwa miguu?"

"Lingekuwa na mguu lingekwisha kufika," alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha mwalimu akakunja uso, akaangalia dirishani.

"Chumba cha vitabu hakina hata dirisha," alisema.

Babu Hatua alivua aproni, akaenda benki.

Binti wa dawati la malipo ya nje alimwamkia shikamoo kwa heshima, akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko ilivyompendeza mzee.

"Babu, malipo yako yamezuiliwa. Si sisi, ni benki ya njiani, ile inayopokea kwetu na kupeleka kwake. Leo asubuhi wametuletea maswali."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kuna orodha za watu waliowekewa vikwazo, watu ambao benki haziruhusiwi kuwapelekea fedha. Kila malipo yanapopita, mashine hulinganisha majina. Jina la rafiki yako linafanana na la mmoja wao. Likifanana, malipo husimama mpaka mtu akae, asome, aone kama ndiye au siye."

Babu Hatua alipandisha sauti. "Rafiki yangu si mhalifu! Ametengeneza magoti maisha yake yote!"

"Sijasema ni mhalifu, babu. Lakini tazama ulichowapa wakusaidie kulijua hilo." Alimgeuzia fomu. Palikuwa na majina mawili mafupi ya rafiki yake, jina la mji, na kwenye nafasi ya sababu ya malipo, neno moja: *goti*. "Wenye majina haya wako maelfu. Huyo anayesoma atawatenganishaje?"

Mzee aliisogeza fomu karibu na macho. Mpwa wake, dereva wa lori aliyemsindikiza, akainama kumnong'oneza, ingawa mnong'ono wa dereva husikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Mjomba, tutume upya kwa jina langu, nusu leo, nusu kesho. Na kwa mpokeaji tuandike jina la mke wa rafiki yako. Kwisha kazi."

"Kaka, hapo ndipo mtakapoharibu," binti alisema. "Ukibadilisha jina au ukigawanya fedha, utaonekana unakwepa. Zile za kwanza hazitatoka, na za pili zitakwama nazo. Tulieni, mjibu maswali." Akaandika kwenye karatasi: jina kamili la mpokeaji kama lilivyo kwenye pasipoti yake, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia, anwani ya nyumba, ankara ya goti, na barua fupi ya kueleza goti ni la nini na wawili hawa wanajuanaje. "Nakala ya pasipoti ikipatikana ni bora zaidi. Mkileta kesho asubuhi nitazipeleka saa ileile. Lakini siwezi kuahidi siku. Anayeamua si mimi."

Barua haikuwa kazi, na ankara ilikuwa mfukoni. Kilichomlemea Babu Hatua ni pasipoti. Utamwombaje mtu uliyeandikiana naye miaka kumi na tisa akuthibitishie kwamba si mwovu? Alirudi karakanani, akashika simu, akaiweka chini, akasugua kikombe cha mguu wa mwalimu kwa msasa ingawa kilikuwa laini tayari. Mwishowe alipiga moyo konde. Aliandika ukweli wote bila kuupamba: jina lako linafanana na la mtu wa kwenye orodha, nami nililiandika kifupi, naomba unisamehe, naomba na haya yafuatayo.

Jibu halikuja mchana ule, wala jioni. "Umemtia chumvi kidondani," alijiambia.

Lilikuja Jumatano alfajiri. Kwanza picha ya pasipoti: jina refu la sehemu nne, sura ya mzee mwenye masikio makubwa, mwaka wa kuzaliwa. Kisha maneno.

"Ndugu yangu, huyo mtu namjua, ingawa sijapata kumwona. Kila nikisafiri hunitangulia. Nimewekwa kwenye vyumba vidogo vya viwanja vya ndege, na mara mbili akaunti yangu imefungwa. Umri ndio hunitoa: nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka thelathini na mmoja, na majina yangu mawili ya mwisho yeye hana. Sikukwambia kamwe. Niliogopa ukijua utatafuta fundi asiye na usumbufu."

Babu Hatua aliyasoma akiwa amesimama, kisha akayasoma tena. Binti wa benki alipofungua mlango, alimkuta kizingitini na bahasha.

Alhamisi ikapita kavu. Mwalimu alipiga simu mara tatu, na mara ya tatu hakuuliza kitu, alimsalimia tu.

Ijumaa, saa nne na nusu, binti wa benki alipiga. "Wamekubali, babu. Wameona siye. Fedha zimeachiliwa na zinaingia leo. Lakini hizo hati zitunze, kila ukituma ziambatanishe mapema. Jina halijatoka kwenye orodha. Benki nyingine inaweza kusimamisha tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule wa kwenye orodha aondolewe, babu. Rafiki yako ataendelea kueleza."

Saa sita kasoro dakika kumi ujumbe ulifika kutoka ng'ambo: fedha zimeingia, goti linafungashwa. Babu Hatua alimpigia mwalimu, na mwalimu akapiga ukelele, watoto wa jirani wakasikika wakiuliza kuna nini.

Mzee hakupiga ukelele. Aliketi kumwandikia rafiki yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alianza barua kwa majina yake yote manne, akisitasita kwenye la tatu, ambalo hakujua linatamkwaje.