Mstari kwenye Chupa ya Njugu

Akoth alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, kilo tisini na nne, na hedhi iliyokuja ilipotaka. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo Ruiru, mtu wa kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Daktari wa Thika alishamwambia shida yake: ovari zenye vifuko vingi, ile wanayoiita PCOS. Alichotaka yeye ni mtoto, na kwa mtoto ilibidi hedhi irudi kwenye mstari. Mumewe Opiyo alitaka hivyo hivyo, ila yeye alishika jambo moja tu, kwamba apunguze kilo.

Ndipo akajiunga na jimu moja ya Kamakis, juu ya vibanda vya nyama choma, mahali ambapo harufu ya mbavu inakupandia puani ukiwa unakimbia na tumbo tupu. Kocha Muigai alikuwa na mashindano ya wiki kumi na mbili. Asubuhi chai ya rangi, mchana kabeji ya kuchemsha, usiku tango. Halafu saa mbili za kukimbia na kuruka. Kila Jumamosi washiriki walipanda mizani mbele ya wenzao, na Muigai akasoma namba kwa sauti ya mnadani.

Mwezi wa kwanza Akoth alipoteza kilo tatu. Kisha mizani ikagoma. Wiki ya tisa kilo mbili zilirudi, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na hedhi ikapotea kabisa.

"Mizani haidanganyi, madam," Muigai alisema mbele ya watu. "Wewe unakula kwa siri. Sema tu ukweli."

Wengine wakacheka. Akoth alikuwa ameshinda na kabeji tangu Jumatatu. Alipofika nyumbani akamkuta Opiyo keshapata habari kutoka kwa rafiki yake wa jimu. Hakugomba. Alichukua kalamu, akachora mstari kwenye chupa ya siagi ya njugu, palepale ilipofikia, akairudisha kabatini.

Nikuambie ukweli, heri angegomba.

Akoth akarudi Thika, kwa Rachael, mtaalamu wa lishe wa hospitali. Rachael alisoma ile ratiba ya kabeji akatingisha kichwa.

"Dada, hii ni njaa, si lishe. Mwili wako hauisikii insulini vizuri, kwa hivyo inamwagwa nyingi, na hiyo nyingi inachokoza ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Yai linakwama. Sasa ukiongeza njaa na mbio za saa mbili, mwili unaona ni kiangazi. Unabana matumizi, na hedhi ndiyo ya kwanza kukatwa."

Akampangia sahani: nusu mboga za majani kama managu au sukuma, robo dagaa wa omena, mayai au maharagwe, robo ugali, ukubwa wa ngumi. Asubuhi asiache kula. Kijiko kimoja cha siagi ya njugu si dhambi. Vyuma mara tatu kwa wiki, kwa sababu misuli ndiyo inayokula sukari ya damu. Atembee kidogo baada ya chakula, na alale. Daktari akaongeza vidonge vya metformini, vya kuusaidia mwili uisikie insulini.

"Na mizani?"

"Iache kwanza. Kilo zako zitashuka polepole, pengine chache. Wewe ni fundi, si una tepe? Pima kiuno. Na uweke alama kwenye kalenda kila hedhi inapoanza."

Miezi minane alifanya hivyo. Alihama jimu, akajifunza kuinua chuma cha kilo hamsini bila kuumiza mgongo. Kiuno kilitoka sentimita mia na nane hadi tisini na tisa. Na kwenye kalenda ya duka la agroveti ukutani, miezi minne mfululizo, duara nyekundu zilifuatana, zikiachana kwa siku thelathini na moja, thelathini na tatu, thelathini na mbili.

Jumapili moja baada ya kanisa alimshika Opiyo mkono, akampeleka mbele ya kalenda. Alimwonyesha duara moja baada ya nyingine, akaeleza kila alichoambiwa na Rachael.

Opiyo aliangalia kalenda. Kisha akamwangalia yeye, kuanzia juu hadi chini.

"Ni sawa, nyar Ugenya," alisema, yaani binti wa Ugenya, jina alilomwita tangu uchumba. "Na kilo?"

"Tisini."

"Nne tu. Miezi minane."

Akatoka kwenda kutazama mpira.

Asubuhi Akoth alichemsha mayai yake, akafungua kabati. Mstari wa zamani ulikuwa umefifia kwa chupa kuoshwa na kupanguswa kila ilipojazwa upya. Chini yake, palepale siagi ilipofikia, kulikuwa na mwingine mpya, wino bado mbichi. Alichota kijiko chake kimoja, akala akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane alikula akijihisi mwizi.