Maboga ya Nyuma ya Choo

Kitu kilichonichukiza zaidi mwaka ule wa vita haikuwa bunduki. Ilikuwa bidoni ya mama yangu, dumu lake la plastiki.

Tulikuwa tumerudi mjini Baraka kutoka ukimbizini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na mama alirudi na mbegu za maboga alizokimbia nazo tangu kijijini Lubondja, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mashamba ya mlimani hayakuendeka. Aliyepanda huko hakuwa na uhakika wa kushuka. Kwa hiyo tulipanda uani, kuanzia nyumba hadi mfereji. Majani yake ndiyo yaliyokuwa mboga yetu ya kila siku. Mbegu zikipotea, zimepotea. Za aina ile sokoni hazikuwepo.

Halafu mashina ya pembeni yakaanza kuumwa. Majani yalikuwa na madoa ya kijani kilichokolea na manjano, yamejikunja na kufanya malengelenge, mabaya kama ngozi iliyoungua. Ukigeuza jani, unakuta vidudu vidogo vya kijani vimejazana chini yake, vinanata vidoleni. Nilitema mate.

Ugonjwa ule niliujua. Nilikuwa nimeuona kwenye pilipili, huko Kazimia, ambako mwenye shamba alitafuta dawa mpaka shamba likaisha. Vile vidudu vinanyonya utomvu kwenye shina gonjwa, kisha vinauchoma ugonjwa kwenye zima kwa dakika chache tu. Unaweza kuviua vyote leo, na kilichokwisha kuingia ndani ya mmea kisitoke.

"Mama, tungoe haya ya kando," nilimwambia. "Tuzike. Ingine itapona."

"Bantu banakufa na njaa, na we unataka kungoa chakula?" alinijibu. "Mi nilibeba hii mbegu kwa tumbo yangu mpaka Kigoma! Itapata dawa."

Dawa yenyewe aliitengeneza kwenye bidoni: ndagala, yaani dagaa, zilizooza, majivu na maji, vikaachwa juani mpaka vikatoa povu. Alinyunyizia asubuhi na jioni kwa fagio. Uani kulinuka kama mtumbwi uliosahaulika ukiwa na samaki ndani yake. Mainzi yalitua kwenye sahani zetu, kwenye midomo ya watoto. Nilikula nimeziba pua, na nilikuwa na hasira kweli kweli, maana majani mapya yalizidi kuchomoza yakiwa yamejikunja vilevile.

Baadaye akaja muuza dawa, kijana mwenye miwani ya jua, akamuuzia chupa isiyo na karatasi ya maelezo. "Mama, hii produit inaponya yote," alisema. Ilinuka mafuta ya taa. Iliunguza majani, vidudu vikapungua, na ugonjwa ukaendelea kana kwamba hakuna aliyeugusa.

Lakini kilichotumaliza hasa kilikuwa utaratibu wa mama wa kuchuma. Kwa desturi ya kwao, huchumi shina moja ukalichosha. Unazunguka shamba zima, kila shina linatoa ncha mbili tatu. Na kwa kuwa hakutaka yale mashina magonjwa yaende bure, alianza nayo. Utomvu ulimchirizika mpaka kwenye viganja, naye anakwenda moja kwa moja kuvunja ncha za mazima. Nilimfuata nikimsihi anawe kwanza. Alicheka, akaniita mzungu.

Haukupita muda mrefu, uwanja wote ukawa na madoa. Maboga yaliyojitahidi kutoka yalikuwa madogo, yamejaa vinundu. Mama alipasua moja, akalichungulia, akalitupa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akikinyanyapaa chakula.

Yalibaki mashina machache nyuma ya choo, ng'ambo ya migomba, yaliyojiotea pale tulipomwaga maji ya kuoshea mbegu. Hakuna aliyeyagusa, sote tulikuwa tunayaonea kinyaa. Nilikwenda kuyatazama nikiwa nimeshika pua. Majani yalikuwa mapana, kijani kimoja, na chini yake maboga makubwa.

Nilimwita mama. Alisimama pale kwenye uvundo, akayatazama majani, akaitazama mikono yake. Kisha akarudi uani, akaanza kung'oa, shina baada ya shina, mpaka pakabaki udongo mtupu. Tulichimba shimo tukafukia kila kitu, na bidoni nikaitupa humo humo kwa furaha. Mama akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Tangu hapo alikwenda nyuma ya choo kila asubuhi, si kuchuma, kutazama tu. Siku moja alichelewa kurudi. Nilimkuta ameinama juu ya shina lenye boga kubwa kuliko yote, lililobakiza kidogo tu kukomaa. Kwenye ncha palikuwa na jani moja changa lenye madoa.

"Mama, labda tungoje ikomae kwanza," nilisema. Njaa ndiyo iliyosema.

"Hapana," alisema. "We mwenyewe ulisema."

Akaling'oa na boga lake. Mengine yakapona, na mbegu zake ndizo ninazopanda mpaka leo.