Mshonaji Aliyeingia Nyuma ya Beki

Symphorien Numbi alikuwa mshonaji wa suruali kwenye baraza la duka moja katika mtaa uitwao Kenya, hapa Élisabethville, Kongo, na kwa miaka mitatu alicheza pamoja nami, kati ya washambuliaji, katika timu ya parokia. Mimi, Paulin, nilikuwa golikipa. Niseme wazi: alikuwa mzito wa miguu, na watazamaji hawakuwahi kumpa jina la uwanjani. Kwetu mchezaji asiye na jina la uwanjani ni kama hayupo. Donat, winga wetu wa kushoto, aliitwa Radi. Kila akianza kukimbia, uwanja wote ulinguruma "Radi! Radi!", na sisi wenzake ndio tuliokuwa wa kwanza kupiga kelele.

Mwaka 1951 tulicheza na timu ya kambi moja ya wafanyakazi. Walirudi wote kumi mbele ya goli lao wakabanana, nasi tukapiga krosi mpaka tukachoka. Sifuri kwa sifuri. Kabla ya mechi ya marudio, Padri aliyetufundisha akamwambia Symphorien kwamba ukuta ule usipofunguka Jumapili, nafasi yake atapewa mwenye mbio. Iliniuma, maana mpira ndio kitu pekee alichokipenda kuliko cherehani yake.

Ijumaa nilimkuta amepanga vifungo juu ya kitambaa cha kaki, anavisogeza.

"Paulin, weye unaonaka mechi yote kule nyuma. Mupira ikienda kwa Floribert, beki wa kati anafanya nini?"

Floribert alikuwa mshambuliaji wetu wa kati, anayesimama akiwa ameligeuzia mgongo goli la wapinzani.

"Anatoka, anamubana ku mugongo."

"Na pale alitoka, nani anabakia?"

Nilitazama vifungo. "Hakuna muntu."

"Sasa Donat anajaribuka kuingia pale. Juu ya nini hapitake?"

Swali hilo, kwa nini Donat hapiti, lilinishika. Nilikuwa nimelitazama jambo hili mwaka mzima bila kuliona.

"Juu shiye bote tunamwita," nikasema polepole. Sisi wenyewe.

"Ndiyo! Tunalia 'Radi', mabeki banasikia, banageuka, banamufuata. Tunatangaza njia yetu, kisha tunashangaa banatufungia mulango."

"Basi tunyamaze."

"Batu ya inje habatanyamaza. Baache baite. Radi akimbie kushoto na kelele yote. Mwenye kuingia pale kati ni ule habamwitake." Akajigusa kifua, akacheka kama mtu anayejionea aibu.

Jumapili wale wa kambi walirudi nyuma vilevile. Sikuwa na kazi golini, kwa hiyo niliona vizuri. Mumba, kiungo wetu, alipiga pasi ya chini kwa Floribert, na beki wa kati akatoka kumbana. Lakini Symphorien alikuwa ametangulia, amekwisha kuvuka mabeki wote kabla Floribert hajaachia mpira. Ofsaidi. Mara ya pili, ofsaidi tena. Padri alikuwa pembeni ameshika kiuno, na kijana mwenye mbio amekaa karibu naye.

Wakati wa mapumziko Symphorien aliwavuta Mumba na Floribert.

"Mi niko naharakisha. Nitangoja mupira itoke ku muguu yako. Ikiwa njiani, ndiyo nianze. Floribert, usiushike. Gusa mara moja tu."

Haraka haraka haina baraka, tena yeye ndiye aliyekuwa mzito!

Dakika za mwisho zilifika. Donat akatimka kushoto, watu wakalipuka "Radi! Radi!", na mabeki wawili wakasogea naye. Mumba akapiga. Mpira ulipokuwa njiani, Symphorien akaondoka. Beki wa kati alikuwa amemkaba Floribert mgongoni, macho yake yote kwenye mpira. Floribert akaugusa mara moja, ukapita kando ya beki, ukaingia kwenye lile pengo nyuma yake. Beki wa upande wa kushoto kwetu alikuwa bado amebaki karibu zaidi na goli lao, kwa hiyo safari hii hapakuwa na bendera ya ofsaidi. Symphorien akafika peke yake kama mtu aliyekosea nyumba, akapiga chini, kona ya goli.

Nililia. Sioni aibu kusema hivyo.

Padri hakumtoa tena. Jumapili iliyofuata watazamaji walikuwa wamemwita Sindano, na alipoanza tu kukimbia, kelele zikapanda, mabeki wawili wakamganda. Alirudi kwangu akitabasamu na kununa kwa pamoja.

"Paulin, banamaliza kuniharibia kazi."

"Sasa utafanya nini?"

Alifikiri, akafuta jasho. Kisha akakimbia kwa kelele yake mpya mpaka karibu na bendera ya kona, akiwavuta wale wawili, na Donat akapita kati bila mtu kumwita, akafunga. Donat akabebwa mabegani, na Symphorien akabaki kule konani, ameweka mikono kiunoni, anacheka kuliko mfungaji mwenyewe.