Ufunguo wa nyumba ya Djugu

Kule Oicha walimufukuza Mama Vahwere mu nyumba yake bila karatasi hata moja. Hapa Bunia, Antoine, mupangaji wa nyumba yake ya hapa, alipokaa mwaka muzima bila kulipa, mama akasema, "Miye si kama wale." Akachunga kila karatasi: kontra ya kupanga, barua ya kumudai yenye Antoine alisaini, rapore ya biro ya manyumba yenye ilishindwa kuwapatanisha, na hukumu ya tribinali ya kumutosha Antoine mu nyumba.

Leo wisie, mutu wa tribinali wa kutimiza hukumu, anatoa vitu vya Antoine inje na kuviandika kimoja kimoja.

"Ufunguo moja. Ni ya nyumba gani?" wisie akauliza.

"Yangu, ya Djugu," Antoine akajibu. "Waliichoma mu vita."

Wisie akaandika vile.

Vahwere alisaini ile karatasi ya vitu. Mu saki yake ya mukono iko ufunguo ya nyumba yake ya Oicha.