Karatasi Mbili za Tiroidi

Nilikuwa nyumbani, mtaa wa Gihosha, nikisahihisha mtihani wa fiziolojia wa mwaka wa kwanza, nikakuta karatasi mbili zenye kosa moja. Swali lilikuwa: tezi ya tiroidi inatengenezaje homoni yake? Wanafunzi wote wawili walichora kifuko cha tezi vizuri, duara la seli na uji mzito katikati. Ila kimeng'enya kinachoitwa peroksidazi walikiweka upande wa damu. Kosa la namna hiyo haliwajii watu wawili kwa bahati. Wameibiana, nikajiambia.

Mmoja alikuwa kijana wa mtaa wa Nyakabiga, mwingine msichana aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, anaishi mtaa wa Musaga. Nilimshuku msichana, bila sababu zaidi ya ukimya wake darasani.

Asubuhi nilimwita ofisini, nikampa karatasi tupu.

"Nieleze tangu mwanzo."

"Iodidi, ile iodini ya chakula, inatoka mu damu," alisema polepole, kwa Kiswahili cha kwao. "Seli inaivuta ndani pamoja na sodiamu. Kisha inatokea upande wa pili, mu ule uji wa katikati."

"Na tiroglobulini?"

"Ni protini kubwa. Seli inaitengeneza, inaimwaga mu uji. Iko na tirosini, vipande vya asidi amino. Peroksidazi inatumia peroksidi ya hidrojeni kubadilisha iodidi, inabandika iodini ku tirosini, moja ao mbili. Kisha inaunganisha tirosini zenyewe. Yenye mbili na yenye mbili, ni T4. Yenye moja na yenye mbili, ni T3."

"Hapo homoni inaingia damuni," nilisema, nikimtega.

"Apana, Madame. Ingali imeshikwa ku tiroglobulini. Seli inameza tone la uji, inakata ile protini, ndipo homoni inatoka kwenda mu damu."

Mwizi hajui hivyo. Lakini badala ya kutulia, nilizidi kumshuku; anayejua hivyo angekoseaje peroksidazi?

"Iodidi na tiroglobulini vinakutana kwenye uji. Sasa peroksidazi inafanya nini upande wa damu?"

Alitazama meza. "Hata mi nilishangaa, Madame. Lakini ndivyo ulichora ku ubao."

Sikumwamini. Nilitaka daftari lake, nikaona kosa lilelile, nikadhani ameliingiza usiku. Nikaomba la yule kijana. Nikaomba la mwanafunzi mwingine aliyekaa mbali nao, ambaye kwenye mtihani alijibu sawa. Yote matatu yalikuwa na mshale uleule, kutoka neno peroksidazi hadi utando wa seli unaotazama damu. Yule wa tatu aliniambia kwamba yeye na wenzake wengine walirekebisha jibu baada ya kusoma kitabu.

Niliona aibu. Niliwarudishia wale wawili alama nilizokuwa nimewanyima.

Kipindi kilichofuata nilichora upya, peroksidazi kwenye utando unaogusa uji, nikaliambia darasa zima kwamba kosa lilikuwa langu. Msichana alinakili. Kisha akafungua kitabu cha maktaba, akaanza kulinganisha mchoro wangu na wa kitabu, mshale kwa mshale. Nilisimama na chaki mkononi, nikingoja amalize.