Chini ya Barafu Kuna Maji

Jeneza la kaka yangu lilikuwa bado mezani, halijaenda makaburini, mjomba alipomtandika rafiki wa marehemu beleshi la mgongo. Beleshi la barafu, lile bapa analofanyia kazi kiwandani, ambalo asubuhi alikuwa amenijazia nalo barafu kwenye tenki langu la samaki. Kijana wa watu akaenda chini kifudifudi hapo uwanjani kwetu, Chato, na kabla hajapata hata kuita mama yake, mateke yalikuwa yameshamfikia. Waliokuja kuzika wakageuka kuwa wauaji, tena wengine wameshika rozari mkononi.

Nisije nikaonekana naanzia mwisho. Kaka yangu na huyo kijana walisoma pamoja, wakafanya kazi pamoja machimboni Geita, wakapata nafasi pamoja ya kwenda nchi ya baridi kusomea uchorongaji wa miamba, kuitoboa kwa mashine. Kaka hakuwa mtu wa kukaa kimya. Majira ya baridi yalipoanza huko akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Dada, unajua nimesimama wapi? Juu ya ziwa! Magari yanapita. Wazee wanatoboa shimo kwenye barafu, wanashusha ndoano, wanavuta samaki mzima, anarukaruka!"

Mimi nauza samaki, nikamwambia aache uongo. Ndipo akanieleza. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, ya chini yanapanda nayo yanapozwa. Yanazunguka hivyo mpaka ziwa zima limepoa. Lakini yakikaribia kabisa kuganda yanabadilika tabia: yanaanza kuwa mepesi, hayazami tena, yanabaki juu na kuganda hukohuko juu. Na barafu yenyewe ni nyepesi zaidi, maana maji yakiganda yanajitanua. "Si umewahi kusahau soda ya chupa kwenye friza ikapasuka? Ndiyo hiyo. Basi barafu inaelea, inalifunika ziwa kama mfuniko, na chini samaki wanaendelea na maisha yao."

Nilimchezea mjomba ule ujumbe. Mjomba ni kaka wa mama, na tangu nikiwa sijavunja ungo anagandisha barafu ya wavuvi kiwandani hapa mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki. Aliguna tu. "Mwongo huyo. Barafu ikishaweza kubeba gari, ndani ni jiwe tupu. Mimi utanifundisha barafu?"

Haukupita muda tukapigiwa simu. Kaka amezama ziwani. Wazamiaji wamemtoa kesho yake.

Rafiki yake ndiye aliyemleta nyumbani. Tulipofungua jeneza ili mama amuone mwanawe, mama aliuangalia uso. Mjomba aliangalia mikono. Vifundo vya vidole vyote vilikuwa vimechubuka hadi nyama, kucha mbili hazipo. Mjomba akamgeukia yule kijana, sauti iko chini, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Nani alimpiga mwanangu?"

"Hakuna aliyempiga, mjomba. Tulikuwa tunavuka ziwa kwa miguu. Pale mto unapoingia ziwani, barafu ilikuwa nyembamba, ikavunjika, akazama. Maji ya mto yakamsukuma chini ya barafu. Nililala kwa tumbo, nikamrushia koti, hakulipata."

"Ziwa lilikuwa limeganda?"

"Ndiyo."

"Magari yanapita?"

"Upande wa pili, ndiyo."

"Halafu mtu akazama!" Mjomba akawageukia watu. "Mmesikia? Kazama kwenye jiwe! Mtu kamuua mwenzake, kampiga hadi mikono imekwisha kwa kujikinga, kisha anatuletea hadithi!"

Hapo ndipo beleshi liliposhuka.

Jamani, watu wetu wakiamua kuua hawachelewi. Mmoja alimkanyaga shingoni. Mwingine alichomoa nguzo ya turubai, nusu ya turubai ikawaangukia akina mama, nao badala ya kukimbia wakawa wanapiga kelele, "Muuaji! Muuaji!" Nikaona damu ikimtoka kijana sikioni. Nikaona mtu wa mitumbwi anakuja mbio na dumu la petroli ya injini. Nikajua kwamba nisipofungua mdomo sasa hivi, huyu anachomwa mbele ya jeneza la rafiki yake.

Mimi si mpole, mtaa mzima unajua. Niliingia katikati, nikalipiga lile dumu teke, nikamlalia yule kijana. Fimbo mbili zikanipata mimi, moja ya mbavu, moja ya bega. Nikamtukana aliyenipiga tusi ambalo padri hakupaswa kulisikia, nikasimama, nikamkaba mjomba kola.

"Mjomba! Lile kopo la maji unalogandishia barafu, ukilitoa kabla ya wakati, katikati kuna nini?"

"Toka hapa!"

"Nijibu! Si unawatukana vijana wako kila siku kwa kosa hilo? Nje gumu, ukilipasua ndani kuna nini?"

Alikuwa anahema kama ng'ombe wa jembe. "Maji," akasema.

"Kwa nini?"

"Baridi haijafika katikati."

"Na kopo lako limezamishwa kwenye maji ya chumvi ya baridi pande zote, baridi inaingia kila mahali, ndiyo maana mwishowe linakuwa jiwe. Ziwa je? Baridi inalishika upande gani?"

Mjomba akalishusha beleshi kidogo. Aliyeshika nguzo akasogea asikie.

"Juu tu, mjomba! Juu kwenye upepo! Na barafu yenyewe haizami. Tenki langu la samaki hilo hapo, barafu iko chini au iko juu ya maji? Unaiona kila siku! Ikishalifunika ziwa, baridi inapenya pole pole, kama mtu aliyejifunika blanketi. Juu gari linapita, chini maji yapo. Maji mengi. Ya kumzamisha mtu."

Mjomba akageuka kulitazama lile tenki langu kivulini, mapande ya barafu yakielea juu ya sangara. Akalitazama kana kwamba halijui. Beleshi likamtoka mkononi. Ningeweza kushangilia, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyokuwa na hasira naye.

Lakini mjomba hakuwa amemaliza. Safari hii aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Na mikono yake? Kama hakupigana na mtu, ile mikono imekuwaje?"

Nilijua jibu. Nililijua nikiwa nimeshamaliza kusema yale mengine, na laiti ningejing'ata ulimi. Mama alikuwa ameketi pembeni ya jeneza. Yule kijana pale chini alinitikisia kichwa, damu imejaa mdomoni: usiseme, dada. Alikuwa amekubali kupigwa akiwa na jibu hilo kifuani. Ila macho yote yalikuwa kwangu, na dumu lilikuwa bado halijamwagika lote.

"Alikuwa anaipiga barafu," nikasema. "Kutokea chini."

Hakuna aliyelia. Wanaume wakaweka fimbo chini moja moja. Wawili wakambeba kijana kumpeleka hospitali, haohao waliomvunja mbavu.

Mama akasimama, akaufunga mfuniko wa jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akakunja ngumi, akaanza kuugonga. Aligonga kwa nguvu, anasikiliza, anagonga tena, akimwita kwa jina lake la utotoni. Tulimwacha agonge hadi vifundo vyake vikatoka damu.